Usikifute kivuli, mchague dadako

*"Fundi, nilimpiga dadangu picha ya mahafali saa kumi jioni kwenye veranda yetu hapa Umoja, akiwa na joho jeusi na viatu vya kisigino. Ukuta ni rangi ya maziwa na kivuli chake kimelala pale. Vigae navyo vinang'aa hadi viatu vinaonekana mara mbili. Nataka kumtoa nimweke kwenye bango la kijani. Natumia GIMP 2.10. Nikichagua kivuli na kubonyeza Delete, panakuwa peupe. Nilipoelekezwa hadi nikapata uwazi, kulibaki kitu kama moshi pembeni, na bega la joho likaliwa. Nakosea wapi?"*

Ule weupe tuumalize kwanza, maana ni jambo dogo. Picha ya simu yako ni JPEG, na JPEG haina mahali pa kuweka uwazi. Kila pikseli ina namba tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Ili pikseli iweze kutoweka inahitaji namba ya nne, alfa, inayoanzia 0 (haionekani kabisa) hadi 255 (imeziba kabisa). Ukifungua JPEG kwenye GIMP, tabaka linakuja bila alfa. Basi ukibonyeza Delete, programu haina uwazi wa kukupa, inapaka ile rangi ya nyuma iliyo kwenye kisanduku cha rangi, ambayo mara nyingi ni nyeupe. Dalili yake iko kwenye paneli ya `Layers`: jina la tabaka likiwa kwa herufi nene, halina alfa. Ukienda `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`, herufi zinakonda, na tangu hapo Delete inakupa vile vijisanduku vya kijivu vinavyoonyesha uwazi. Hapo umeshavuka.

Moshi na bega lililoliwa ni kisa kingine, na vyote viwili vina chanzo kimoja: umekichukulia kivuli kama kitu chenye mpaka. Kivuli hakina mpaka.

Sina picha yako mbele yangu, kwa hiyo jana nilimsimamisha mpwa wangu mbele ya ukuta wa rangi hiyohiyo, saa hiyohiyo, nikamvika koti jeusi, kama mita moja kutoka ukutani. Kisha nikapima pikseli kwa `Color Picker`. Nitataja chaneli moja tu, ile nyekundu, ili tusizame kwenye namba. Ukuta uliopigwa na jua ulikuwa 230. Katikati ya kivuli, pale penye giza kamili, palikuwa 138. Koti lenyewe lilikuwa 25 hadi 30 kwenye sehemu nyingi, lakini mikunjo iliyogeukia jua ilipanda hadi 60, hata 70. Nguo nyeusi kwenye jua si nyeusi hata kidogo, na watu wengi hawalijui hili hadi wapime.

Sasa angalia `Fuzzy Select` inavyofanya kazi. Unabonyeza mahali, tuseme katikati ya kivuli, pikseli ya 138. Kifaa kinasambaa kutoka hapo na kukusanya kila pikseli jirani ambayo tofauti yake na ile uliyobonyeza haizidi `Threshold` uliyoweka. Kinalinganisha na pikseli ya mwanzo, hakilinganishi na jirani iliyo karibu. Kwa kawaida `Threshold` huanza kwenye 15, kwa hiyo unapata kiini cha kivuli tu, kutoka 123 hadi 153. Kandokando ya kiini kuna ukanda unaopanda polepole kutoka 153 hadi 230 ya ukuta, na ukanda huo haujachaguliwa. Ukibonyeza Delete, kiini kinaondoka, ukanda unabaki. Ukiufuta na ukuta vilevile, kwa kubonyeza pikseli ya 230, unabaki utepe mwembamba kati ya sehemu mbili ulizofuta. Huo ndio moshi wako.

Ukaona moshi, ukapandisha `Threshold`. Wengi tungefanya hivyo. Ili kuufikia ukuta wa 230 kutoka 138 unahitaji 92. Lakini 92 haipandi juu peke yake, inashuka chini pia: 138 ukitoa 92 ni 46. Kwa hiyo sasa unakusanya kila kitu kati ya 46 na 230, na mkunjo wa joho begani uliopigwa na jua uko 60. Umeingia ndani, na kwa kuwa bega linagusana na kivuli, hapakuwa na kizuizi. Hakuna namba utakayoweka hapo ikakufaa. Ndogo inaacha moshi, kubwa inakula joho, na ya katikati inafanya yote mawili kidogokidogo.

Wengine watakuambia ulainishe ukingo wa uchaguzi kwa `Select > Feather`. Nitakueleza kwa nini nayo haikutoi, kisha tuachane na kivuli. Jua si nukta, ni sahani. Tukiwa huku chini tunaliona likiwa na upana wa kama nusu digrii. Kwa hiyo ukingo wa kivuli una eneo ambalo jua limezibwa nusu, na eneo hilo hupanuka kadiri kitu kinachotupa kivuli kinavyokuwa mbali na mahali kivuli kinapoangukia: kama milimita 9 kwa kila mita moja ya safari ya mwanga. Kivuli cha kiatu kilicho sakafuni kina ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe, kwa sababu safari haipo. Kivuli cha kofia ya mahafali ukutani kimesafiri mita moja na zaidi, kwa hiyo ukingo wake una sentimita nzima na ushee ya ukungu. Tuseme dadako ana sentimita 165 na kwenye picha yako amechukua pikseli 3,300. Hiyo ni pikseli 20 kwa kila sentimita. Ukungu wa kofia unakaribia pikseli 25; ukungu wa kiatu ni pikseli moja au mbili. Ukilainisha kwa 25, kiatu kinayeyuka. Ukilainisha kwa 2, kofia inaacha moshi.

Kwa hiyo achana na kivuli, mchague yeye. Mwili wake ndio wenye mpaka, na mpaka huo una upana uleule kuanzia kofia hadi soli, pikseli moja au mbili za mchanganyiko. Chochote kilicho nje yake, ukuta, kivuli, moshi, kinaondoka kwa pamoja bila kuulizana.

Kwa upande wa jua, pale joho linapopakana na ukuta wa 230, `Fuzzy Select` inatosha kabisa: bonyeza ukuta, weka `Threshold` kama 60, itasimama yenyewe kwenye joho. Kwa upande wa kivuli tumia `Paths`, kitufe `B`, uchore kwa mkono. Kuza picha hadi asilimia 200, weka nukta kila joho linapobadili mwelekeo, na uziweke pikseli moja au mbili *ndani* ya joho, si juu ya ukingo wenyewe. Bega, mkono, pindo, huenda ni nukta thelathini kwa jumla. Mtu mwenye mkono mtulivu anamaliza kwa dakika kumi. Njia ikifunga, bonyeza `Shift+Ctrl+Enter` ili ibaki ile sehemu tu ambayo uchaguzi wa njia na ule wa kwanza vinakutana; `Enter` peke yake inaufuta ule wa kwanza. Kabla ya kuunganisha pande mbili, kumbuka kile cha upande wa jua kimechagua ukuta, na hiki kimechagua mtu. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, kigeuze kile cha ukuta kwa `Select > Invert`. Mimi huona ni rahisi zaidi kuchora njia kumzunguka mzima na kuisahau `Fuzzy Select`, lakini hiyo ni tabia ya mzee.

Uchaguzi ukiwa tayari, lainisha kwa `Feather` ya pikseli 2, basi. Halafu usibonyeze Delete. Nenda `Layer > Mask > Add Layer Mask` na uchague `Selection`. Maski ni picha ya pili ya kijivu iliyobandikwa juu ya tabaka: palipo peupe tabaka linaonekana, palipo peusi linafichwa, na kijivu ni kati. Tofauti yake na Delete ni kwamba hakuna kilichopotea. Ukigundua kesho kidole kimekatwa, unachukua brashi nyeupe na kukirudisha. Ukiwa na Delete unarudi kwenye JPEG na kuanza upya.

Nywele sina mengi ya kusema juu yake. Kama amesuka na kofia imekaa, ukingo wa misuko unachorwa kama nguo. Zikiwa wazi na zimechanuliwa, paka maski kwa brashi laini ndogo, na ukubali kupoteza unywele mmojammoja. Kwenye bango hautaonekana.

Sasa weka tabaka jipya chini yake, lijaze ile kijani ya bango lako, utazame bega. Huenda ukaona mstari. Huo si moshi wa awali, ni kitu kingine, na huu ndio mahali kazi nyingi zinaharibikia. Pikseli iliyo juu kabisa ya mpaka ilipigwa picha ikiwa nusu joho na nusu ukuta. Namba yake si 28 wala 230, ni kitu kama 129. Ukiifanya iwe na uwazi wa nusu, bado imebeba ukuta ndani yake. Umepunguza nguvu yake, hujaibadilisha rangi. Kwa upande wa jua mstari utakuwa wa maziwa, na kwenye kijani utang'aa. Kwa upande wa kivuli utakuwa wa kijivu hafifu, kwa sababu kule nusu ya pili ilitoka kwenye 138. Ndiyo maana watu hudhani kivuli hakijaisha.

Dawa ya kwanza ni kuipunguza maski kwa pikseli moja: chaguo lako likiwa bado hai kabla ya kutengeneza maski, `Select > Shrink` kwa 1. Mara nyingi hiyo inatosha kwa joho. Lakini kwenye vitu vyembamba, tuseme zile nyuzi zinazoning'inia kwenye kofia, pikseli moja kila upande ni nusu ya uzi. Hapo kuna ujanja ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii. Kumbuka maski haijafuta chochote: rangi za ukuta bado ziko chini yake, zimefichwa tu. Basi bonyeza kijipicha cha tabaka lenyewe, *si* cha maski, chukua `Clone`, shika `Ctrl` na ubonyeze ndani ya joho kuchukua kitambaa, kisha paka kitambaa hicho kuvuka mpaka, pikseli tatu nne kwenda nje. Hutaona kikimwagika nje kwa sababu maski inakificha. Kinachobadilika ni zile pikseli za mpaka: sasa mchanganyiko wao ni joho na joho, na ukiziweka nusu uwazi zinachanganyika na kijani safi. Mstari unapotea bila kukonda kwa uzi. Ukipaka na ghafla bega linapata madoa au matundu, umebonyeza kijipicha cha maski bila kujua. `Ctrl+Z`, rudi kwenye tabaka.

Pima kwa rangi tatu: kijani ya bango, nyeupe, na nyeusi. Mstari wa maziwa unajificha kwenye nyeupe na kujitangaza kwenye nyeusi. Wa kijivu unafanya kinyume. Kazi iliyopita kwenye moja tu haijapita.

Utakutana na mtu atakayekuambia haya yote ni ya nini, tumia `Colors > Color to Alpha`, uchague rangi ya ukuta, umalize kwa sekunde tano. Si mwongo, ila amekuachia habari nusu. Hiki kifaa ni cha ajabu kwa kivuli. Kinauliza kila pikseli: nikitoa rangi ya ukuta ndani yako, kinabaki nini? Kwa kivuli cha 138 kwenye ukuta wa 230 hesabu ni hii:

```
alfa = (230 - 138) / 230 = 0.4
```

Yaani pikseli inakuwa nyeusi yenye ukolezo wa asilimia 40, na ukiiweka juu ya kijani chochote inaleta giza lilelile iliyokuwa inaleta ukutani. Ukungu nao unageuka kuwa ukolezo unaopungua taratibu hadi sifuri, bila mshono. (Nje kivuli huwa na ubuluu kidogo kwa sababu anga ndilo linalokimulika, kwa hiyo usishangae ukikuta weusi wako umeegemea buluu.) Lakini kifaa hiki hakijui dadako ni nani. Mkunjo wa joho wenye 70 nao unaulizwa swali lilelile, na jibu lake ni 160 kugawanya kwa 230, karibu 0.7. Joho limekuwa na uwazi wa asilimia 30. Kwenye vijisanduku vya kijivu hutaligundua hilo, maana nyeusi juu ya kijivu inaonekana nyeusi. Kwenye bango la kijani linakuwa joho la kijani kibichi. Kitumie tu kwenye nakala ya tabaka iliyo chini ya mtu wako mwenye maski, yaani mahali pa kuhifadhi kivuli na si pa kumtoa mtu.

Na kivuli kidogo utakihitaji. Ukimweka dadako kwenye kijani bila chochote chini ya viatu, atakuwa anaelea kama stika. Kinachomshikisha chini ni lile giza jembamba linalogusa soli. Kile kirefu kilicholala ukutani hakina kazi hiyo. Sakafu yako ingekuwa saruji ya kawaida isiyong'aa, ningekuambia uchukue nakala, `Color to Alpha` kwa rangi ya sakafu, kisha ufute kwa kifutio laini kila kitu isipokuwa vidole viwili kuzunguka viatu. Kwa vigae vyako haitawezekana, na hii inatuleta kwenye viatu vyako vinne.

Akisi ni kitu tofauti kabisa na kivuli, ingawa vyote tunaviita usumbufu. Kivuli ni sakafu ileile iliyopungukiwa mwanga. Akisi ni mwanga wa kiatu wenyewe uliodunda kwenye kigae, kwa hiyo umebeba rangi ya kiatu. Kama viatu ni vyekundu, chini yake kuna wekundu. Kifaa chochote kinachochagua kwa rangi kitachukua kiatu na akisi kama kitu kimoja, na `Color to Alpha` itakuachia doa jekundu lisiloelezeka. Hapa ni jicho lako na `Paths`, hakuna kingine.

Tatizo ni kuona kiatu kinaishia wapi, kwa sababu soli na akisi ya soli zinakutana mahali pamoja. Kuza hadi asilimia 400 na utafute mambo mawili. La kwanza, pale soli inapogusa kigae kuna uzi mweusi kabisa, mweusi kuliko kiatu na kuliko akisi, kwa kuwa mwanga haupenyi. Mpaka wako ni ukingo wa juu wa uzi huo. La pili ni mistari ya saruji kati ya vigae. Mstari huo unapita juu ya akisi waziwazi, lakini hauwezi kupita juu ya kiatu. Ukiufuata kwa jicho kutoka pembeni, mahali unapokatika ndipo kiatu kilipoanzia. Mimi mstari huo umeniokoa zaidi ya mara moja kwenye sakafu za kumbi zilizopigwa polishi.

Angalia na kisigino. Kati ya soli na kisigino cha juu kuna pembetatu ya uwazi, na kwenye kigae kinachong'aa pembetatu hiyo imejaa akisi ya upande wa chini wa kiatu. Kwa haraka inaonekana kama sehemu ya kiatu. Usipoitoboa, kiatu cha kisigino kinageuka kiatu cha soli nene. Ichore kama njia ndogo ya pekee, igeuze iwe uchaguzi, na uijaze nyeusi kwenye maski.

Viatu vikishakuwa safi, kivuli cha mguso unakipaka mwenyewe: tabaka jipya kati ya kijani na mtu, brashi laini nyeusi, ukolezo wa tabaka asilimia 40. Anza na mstari mwembamba chini kabisa ya soli, kisha brashi pana zaidi na hafifu, ukielekeza upande ambao kivuli cha awali kilikuwa kimelalia. Uso wake umepigwa na jua la upande mmoja. Kivuli cha viatu kikienda upande usio sahihi, mtu hatajua ni nini lakini atahisi picha imedanganya.

Haya yote yanawezekana kwa sababu ukuta na sakafu vinaondoka. Kuna siku utataka kufuta kivuli na ukuta ubaki, au kuondoa taswira yako mwenyewe, mpiga picha, kwenye miwani ya mtu. Hapo kufuta hadi uwazi hakusaidii peke yake, kwa kuwa nyuma ya pikseli hakuna picha nyingine inayosubiri; kuna tundu. Tundu lazima lijazwe, na kijazo bora ni picha ya pili. Simu kwenye stendi ya miguu mitatu bila kutikisika, piga moja akiwepo na moja akiwa ameondoka, weka ya pili chini, kisha futa ya juu: ukuta halisi unatokea. Kwa miwani, piga ya pili akiwa ameinamisha fremu kidogo, uchukue macho tu.

Na kama joho halijarudishwa bado, sikia: jioni moja ya kupiga upya itakuokolea nusu ya haya. Msogeze mita mbili kutoka ukutani, asimame upande wa veranda wenye kivuli cha paa, na utandike leso au mkeka chini ya viatu. Mkeka haurudishi taswira ya mtu.

Kuhusu kuhifadhi. Weka kazi yako kwanza kama XCF, faili ya GIMP yenyewe, ili maski isipotee. Ukihitaji faili yenye uwazi, ni PNG kwa `File > Export As`. JPEG itaurudisha weupe uleule ulioanza nao. Kwenye dirisha la PNG kuna kisanduku `Save color values from transparent pixels`. Kikiwa na tiki, pikseli zilizofichwa zinahifadhiwa na rangi zake, na mwenye ujuzi anaweza kuzifunua. Kwa ukuta wa veranda si kitu, lakini kama ulificha kioo kilichoonyesha mtoto wa jirani au namba ya gari, ondoa tiki. Na ukimtumia mtu PNG kwa simu, itume kama faili au dokyumenti. Programu nyingi za ujumbe zikiipokea kama picha ya kawaida huigeuza JPEG njiani, na uwazi unakufa hapo.

Kwa bango lenyewe mimi singempelekea mchapishaji PNG yenye uwazi. Nilifanya hivyo kwa bango la binamu yangu miaka kadhaa iliyopita, kwenye duka moja mjini; mashine yao ikajaza uwazi kwa nyeupe, na binamu akasimama ndani ya sanduku jeupe kwenye bango la buluu. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Panga kijani, maandishi na dadako mwenyewe, unganisha kila kitu kiwe tabaka moja kwa `Image > Flatten Image` kwenye nakala, na upeleke hicho.

Kabla ya kulipa, pima kwa ukubwa halisi. Kwenye skrini ya simu dadako ana sentimita kumi na moshi wote ni wa kudhania. Akisimama sentimita 130 kwenye bango, pikseli zake 3,300 zinakuwa kama 25 kwa kila sentimita, na ule ukungu wa kofia wa pikseli 25 ni sentimita nzima ya kijivu. Kwa hiyo kata kipande cha pikseli 530 kwa 750 pale begani, juu ya kijani, ukichape kijaze karatasi ya A4 kwenye saiba yoyote hapo mtaani. Hicho ndicho kipande cha bango jinsi kitakavyoonekana. Kibandike ukutani, rudi nyuma hatua mbili, tazama bega. Chapa cha pili, cha kisigino.